Kugeuza Biashara Yako Kuwa Kampuni: Mali Huhama kwa Makabidhiano, Madeni kwa Ruhusa

Tuanze na mfano. Mama mmoja wa Takaungu ana biashara ya samaki. Wavuvi wakirudi asubuhi ananunua kwao, anapima, anaweka kwenye friza, kisha kijana wake anapeleka mzigo Kilifi kwa pikipiki. Wateja wakubwa ni hoteli mbili. Biashara ina jina lililosajiliwa, lakini mbele ya sheria jina hilo ni yeye mwenyewe. Friza ni zake, deni ni lake, na biashara ikianguka, anayedai anaweza kufuata hadi vitu vya nyumbani kwake.

Siku moja hoteli inamwambia kwamba kuanzia mwaka ujao itanunua kwa kampuni za limitedi pekee. Mama anaingia eCitizen, anasajili kampuni, anapata cheti, anabadilisha kibao cha duka. Kisha anaendelea kama kawaida: nambari ya tili ni ile ile, risiti ni zile zile, mkopo ni ule ule.

Mama huyu ni wa mfano tu, lakini hali yake tunaiona kila mara wafanyabiashara wanapokuja kufungua akaunti ya kampuni. Wanadhani cheti kimegeuza biashara. Hapana. Leo tutamfuata mama huyu hatua kwa hatua, tuone biashara yake inaingiaje kwenye kampuni, naye anapata nini badala yake.

Kampuni huzaliwa mikono mitupu

Chini ya Sheria ya Makampuni ya Kenya ya mwaka 2015, mtu mmoja anaweza kuanzisha kampuni binafsi akiwa peke yake. Hahitaji mwenzake. Lakini hata kama yeye ndiye mwenye hisa zote na ndiye mkurugenzi pekee, kampuni ni mtu mwingine kabisa. Ina jina lake, PIN yake ya KRA na madeni yake.

Siku inaposajiliwa, mtu huyu mpya hana kitu isipokuwa pesa za hisa za mwanzo. Hana friza wala pikipiki, na hoteli hazimdai wala yeye hazidai. Vyote bado ni vya mama. Kwa hiyo lazima mama *auze* biashara yake kwa kampuni. Na kwa kuwa kampuni haina pesa za kumlipa, inamlipa kwa hisa.

Hilo ndilo wazo lote: mama anatoa mali, kampuni inabeba madeni, na tofauti iliyobaki inageuka kuwa hisa za mama.

Chagua siku, kisha hesabu

Kwanza chagua siku moja ya kuhama. Mwanzo wa mwezi ni rahisi zaidi, kwa sababu mauzo, mishahara na taarifa za simu hukatika hapo. Tuseme mama amechagua tarehe 1 Julai. Mauzo yote mpaka usiku wa tarehe 30 Juni ni yake binafsi. Kuanzia tarehe 1 ni ya kampuni.

Usiku wa tarehe 30 anakaa chini na daftari, anaandika kila kitu cha biashara na thamani yake ya leo. Asiandike bei aliyonunulia. Friza zilimgharimu Sh300,000 miaka iliyopita, lakini leo mtu akija kuzinunua na mizani yake atatoa kama Sh180,000. Basi anaandika hiyo.

| Mali | Sh |
|---|---|
| Friza tatu na mizani | 180,000 |
| Pikipiki | 110,000 |
| Samaki walio kwenye friza | 90,000 |
| Pesa ambazo hoteli zinadaiwa | 140,000 |
| Pesa za biashara, benki na kwenye tili | 80,000 |
| Jumla ya mali | 600,000 |

| Madeni | Sh |
|---|---|
| Mkopo wa sako ulionunua friza | 150,000 |
| Wavuvi ambao hawajalipwa | 50,000 |
| Jumla ya madeni | 200,000 |

Mali Sh600,000, toa madeni Sh200,000, inabaki Sh400,000. Hiyo ndiyo bei ya biashara.

Kuna mambo mawili ya kuangalia kwenye orodha hii. La kwanza ni zile pesa za hoteli. Kama sehemu yake ni ankara ya mwaka juzi ambayo meneja hata hapokei simu tena, hiyo si mali. Itoe. La pili ni kiwanja. Duka la mama limejengwa kwenye ardhi ya familia, na hajaitia kwenye orodha. Amefanya vizuri. Kuhamisha ardhi kunaleta ushuru wa stempu, asilimia 2 ya thamani mashambani na asilimia 4 mijini, na huenda pia kodi ya faida ya mtaji. Zaidi ya hapo, ardhi ikiwa ndani ya kampuni, wanaoidai kampuni wanaweza kuifikia. Mama anabaki na ardhi na kuikodisha kwa kampuni kwa mkataba wa maandishi.

Hisa 4,000

Kampuni ya mama ilisajiliwa ikiwa na hisa 100 za Sh100 kila moja, ambazo alizilipia taslimu Sh10,000. Sasa kampuni inatoa hisa mpya 4,000 za Sh100 kila moja, jumla Sh400,000, kulipia biashara. Mama anakuwa na hisa 4,100.

Hapa hakuna pesa inayopita mkono kwa mkono, na ndiyo maana karatasi ni muhimu. Zinatakiwa tatu.

Ya kwanza ni mkataba wa mauzo kati ya mama na kampuni. Ndiyo, mama anatia saini mara mbili, upande mmoja kama muuzaji, upande wa pili kama mkurugenzi. Mkataba unataja siku ya kuhama, unaambatisha orodha ya mali na madeni, unasema kampuni inachukua madeni gani, na unasema bei inalipwa kwa hisa 4,000.

Ya pili ni azimio la mkurugenzi la kukubali mkataba na kutoa hisa. Liandike hata kama uko peke yako chumbani.

Ya tatu ni taarifa ya utoaji wa hisa kwa Msajili wa Makampuni, kupitia BRS, ndani ya mwezi mmoja tangu hisa zitolewe. Taarifa ionyeshe kwamba hisa zimelipiwa kwa mali na si kwa pesa taslimu. Baada ya hapo omba CR12, ile karatasi inayoonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kama bado inaonyesha hisa 100, kazi haijaisha.

Wengi hushawishika kuongeza mstari mwingine kwenye orodha: "jina zuri la biashara, Sh500,000". Jina zuri linaweza kweli kuwa na thamani, lakini uwe na kitu cha kuonyesha, kwa mfano mkataba wa hoteli na faida ya miaka kadhaa. Bila hivyo unajaza hisa hewa. Mwaka ambao ndugu yako atataka kuingiza pesa zake, atauliza hisa zako zililipiwa na nini, na jibu litakuwa gumu.

Madeni hayahami yenyewe

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Mali ni yako, unaweza kumpa umtakaye. Lakini deni ni ahadi uliyompa mtu mwingine, na huwezi kumbadilishia mdaiwa bila yeye kukubali.

Fikiria wavuvi. Walimpa mama samaki kwa sababu wanamjua, wanajua kwake, na wanajua atalipa. Asubuhi moja anawaambia: sasa mnaidai kampuni. Mmoja akiuliza, "Mama, hii kampuni nikiikosa nitaibishia hodi wapi?" ana haki kabisa. Mpaka akubali, mama bado anadaiwa yeye binafsi, hata mkataba wake na kampuni useme nini.

Kwa madeni madogo dawa ni rahisi: yalipe kabla ya siku ya kuhama. Mama akiwalipa wavuvi Sh50,000 tarehe 29 Juni, pesa zake zinashuka kutoka Sh80,000 hadi Sh30,000, na madeni yanashuka kutoka Sh200,000 hadi Sh150,000. Mali sasa ni Sh550,000, toa Sh150,000, inabaki Sh400,000 ile ile. Hisa ni zile zile 4,000, na wavuvi hawana wasiwasi.

Mkopo wa sako ni habari nyingine. Sako hukopesha wanachama wake, na mwanachama ni mama, si kampuni. Kuna njia tatu. Sako inaweza kukubali kwa maandishi kwamba kampuni ndiyo mdaiwa mpya na mama ameachiliwa, lakini hili ni nadra. Inaweza kukubali kampuni ilipe huku mama akibaki mdhamini. Au mama anabaki mdaiwa kama zamani, na kampuni inaahidi *yeye*, ndani ya mkataba wao, kwamba itamlipia kila mwezi mpaka deni liishe.

Njia ya tatu ndiyo ya kawaida, na inafaa, mradi uielewe. Kampuni ikishindwa kulipa, sako itamfuata mama. Ule ukuta wa limitedi haumkingi kwa deni hili. Unamkinga kwa madeni mapya ambayo kampuni itaingia kwa jina lake bila yeye kuweka saini ya udhamini. Basi usiseme "sasa niko salama" siku ya kwanza. Usalama unakuja kidogo kidogo, kadiri madeni ya zamani yanavyolipwa.

Angalia pia kama friza zenyewe zimewekwa rehani kwa mkopo huo. Chini ya sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya friza, pikipiki au hata bidhaa. Kumkabidhi mtu mwingine mali hiyo hakufuti haki ya mkopeshaji, na mara nyingi mkataba wa mkopo unakataza kuihamisha bila ruhusa. Ongea na sako kwanza, kabla ya kutia saini popote.

Na kama lengo la kuhama ni kukimbia wanaokudai, acha. Mahakama inaweza kutengua uhamisho uliofanywa kuwaficha mali.

Mbao za Bwana Macaura

Kuna kesi moja ya zamani ambayo wanafunzi wa sheria husomeshwa mpaka leo, na inafaa mfanyabiashara yeyote aijue.

Bwana Macaura alikuwa na shamba la miti huko Ailandi. Aliuza mbao zake zote kwa kampuni, naye akalipwa kwa hisa 42,000. Hisa karibu zote zilikuwa zake, na kampuni haikuwa na mali nyingine ya maana. Kisha akakata bima ya moto kwa mbao zile, lakini kwa jina lake binafsi. Februari 1922 moto ukateketeza karibu mbao zote. Alipodai, kampuni za bima zikakataa. Kesi ikafika mpaka mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, na mwaka 1925 majaji wakasema: mbao ni za kampuni, wewe una hisa tu. Hukuwa na mali ya kukatia bima. Hakulipwa.

Yeye alipanga vizuri uhamisho wa mali kwa hisa. Kilichomwangusha ni jina moja lililobaki nyuma.

Sasa rudi Takaungu. Pikipiki ya mama imeandikwa kwenye orodha na mkataba umetiwa saini. Lakini logibuku bado ina jina lake, na bima pia. Kijana akipata ajali kwenye barabara ya Mombasa kuelekea Malindi akiwa na mzigo wa kampuni, bima itauliza swali lile lile: mali hii ni ya nani? Kwa hiyo wiki hiyo hiyo mama ahamishe umiliki wa pikipiki kupitia NTSA, na siku hiyo hiyo bima ya pikipiki, ya friza na ya duka iandikwe upya kwa jina la kampuni. Asikubali pengo hata la siku moja.

Tili mpya, jina jipya

Sehemu hii inatuhusu sisi moja kwa moja. Nambari ya tili imefungwa kwa mtu aliyeisajili: kitambulisho chake, PIN yake, akaunti yake. Haihamishwi kama friza. Kampuni inafungua tili yake, kwa cheti cha usajili, CR12, PIN ya kampuni na kitambulisho cha mkurugenzi. PIN ya kampuni utaitambua kwa herufi P mwanzoni. Ya mtu binafsi huanza na A.

Mama aombe tili mpya mapema, akishapata cheti na PIN, ili iwe tayari tarehe 1 Julai. Tili ya zamani asiifunge siku hiyo, kwa sababu kuna mteja mwenye nambari ya zamani kwenye simu yake atakayeendelea kuitumia. Aiache wazi kama mwezi mmoja. Kila pesa ya kampuni inayoingia huko aipeleke yote, kiasi kile kile, kwenye akaunti ya kampuni, na aandike daftarini tarehe na jina la mteja. Mwezi ukiisha, aifunge.

Ni rahisi kusema, "Si pesa ni zangu tu?" Hapana. Kuanzia tarehe 1 Julai si zake. Akizitumia kulipa karo kutoka kwenye tili ya zamani, amechukua pesa za kampuni, na sasa anadaiwa nayo. Zikichanganyika miezi sita, si yeye wala mhasibu atakayejua mauzo ya nani ni yapi. Mbele ya KRA, mauzo yaliyopita kwenye tili yake na risiti za eTIMS zilizotolewa kwa PIN yake yataonekana kuwa mapato yake binafsi.

Hoteli nazo zinahitaji barua. Iseme mambo mawili. Kwanza, Sh140,000 mnazodaiwa sasa zilipwe kwa kampuni, akaunti au tili hii. Pili, tunaomba mkubali kwa maandishi kwamba oda za kuanzia tarehe 1 Julai ni kati yenu na kampuni. La kwanza ni taarifa tu, kwa sababu kudai ni mali na mali huhama. La pili linahitaji kibali chao, kwa sababu hapo kampuni inachukua pia wajibu wa kuleta samaki.

Kijana wa pikipiki pia ni mtu mwenye mkataba. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 haina kifungu kinachomhamisha mfanyakazi moja kwa moja kwenda kwa mwajiri mpya. Mama akae naye, wakubaliane kwa maandishi kwamba sasa mwajiri ni kampuni na miaka yake ya kazi inahesabiwa. Siku zake za likizo ambazo hajachukua zilipwe, au ziandikwe kama deni ambalo kampuni imelichukua.

Namna ya kujua umemaliza

Baada ya miezi miwili, fanya jaribio hili. Lipa shilingi kumi kwenye tili yako ukitumia simu ya mtu mwingine, uangalie jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Kisha toa karatasi zako zote mezani: leseni ya biashara ya Kaunti ya Kilifi, bima, logibuku, mkataba wa duka, ankara ya mwisho, risiti ya mwisho ya eTIMS, CR12. Soma jina tu kwenye kila moja.

Palipo na jina la kampuni, uhamisho umefika. Palipo na jina lako, kitu hicho bado ni chako, au hakijulikani ni cha nani. Mkopo wa sako peke yake unaweza kubaki na jina lako, ukijua ni kwa nini, na ukiwa na mkataba unaosema nani anaulipa.

Ukishamaliza yote, toa notisi kwa BRS kwamba jina la biashara la zamani limeacha kufanya kazi. PIN yako binafsi haifungwi. Utaitumia kutangaza mapato yako ya Januari hadi Juni, na kila mwaka baadaye kwa mshahara au gawio utakalopata kutoka kwa kampuni. Kampuni itatangaza yake peke yake.

Mkataba wa mauzo muonyeshe wakili kabla ya saini, na orodha ya mali muonyeshe mhasibu. Ukishapata cheti cha kampuni na CR12, njoo na nakala kwa wakala wetu aliye karibu nawe tukufungulie tili ya kampuni kabla siku ya kuhama haijafika.